Fotei za bibi, kanape ya bwana: jinsi ya kuvipanga katika salo moja

Mimi ni seremala hapa Lubumbashi, na wanandoa wapya huniita niwapangie nyumba. Mara nyingi ugomvi uko kwenye salo. Nitaeleza kwa nyumba moja ya kupanga kule Katuba.

Bwana alikuwa na kanape nyeusi ya ngozi bandia yenye umbo la L, pamoja na kabati la televisheni. Bibi alikuja na fotei za mbao ya mulombwa zenye matakia ya rangi ya maziwa: moja ya watu watatu na mbili za mtu mmoja mmoja. Juu ya hayo kulikuwa na zawadi za harusi, na meza ya kioo ikiwa mojawapo.

Hatua ya 1: Ulizeni kila kitu kimetoka wapi

Kabla ya kusema kipi kizuri, kila mmoja aseme kitu chake kilitoka wapi. Bibi aliniambia, "Yaya, hizi fotei alizichonga marehemu baba." Bwana hakuwa amewahi kulisikia hilo. Kanape yake aliinunua mwenyewe, na alikuwa tayari kuiacha ikibidi. Kitu cha mzazi msikiuze kabla ya kuuliza ukoo. Niliwahi kushauri wenzi wengine wauze kabati haraka, kumbe mama mkwe alikuwa ameliazimisha tu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Hatua ya 2: Pimeni, kisha tandazeni karatasi

Salo ya Katuba ina urefu wa sentimita 420 na upana wa 360. Mlango uko kwenye ukuta mmoja mfupi, upande wa kulia ukiingia. Dirisha liko kwenye ukuta wa mbele yake, kulia vilevile. Chukueni mifuko mitupu ya simenti, ichaneni, kateni karatasi kwa ukubwa halisi wa kila kiti, kisha mzitandaze sakafuni. Kubeba karatasi ni rahisi kuliko kubeba kanape mara tano, na jicho linaamini karatasi kuliko maneno ya mwenzako.

Kanape, sentimita 260 kwa 190, ilikaa kwenye kona ya mbali upande wa kushoto, mkono wake mfupi ukifuata ukuta wa dirisha. Kabati, lenye kina cha 45, likaenda ukuta wa kulia. Sasa hesabuni upana: kanape ina kina cha 90, acheni 45 za magoti, meza ina 60, na kabati 45. Jumla ni 240, kwa hiyo zinabaki 120 za kupita. Njia ikipungua chini ya 75, mtu aliyebeba sinia atapita kiubavu, na hapo mtajua vitu vimezidi.

Fotei ya watu watatu ilikataa kila mahali. Zile mbili ndogo, za sentimita 95, zilipata nafasi: moja kwenye pengo kati ya kanape na ukuta wa mlango, nyingine chini ya dirisha. Pale dirishani niliweka fotei ya mbao kwa makusudi, si kanape. Jua hupausha kitambaa, lakini kitambaa hubadilishwa. Ngozi bandia ikishapasuka haishoneki.

Hatua ya 3: Tafuteni kitenge kinachobeba rangi za wote wawili

Weusi wa kanape ya bwana na wekundu wa mulombwa ulionekana kama nyumba mbili. Niliwatuma sokoni wakiwa pamoja, watafute kitenge chenye rangi zote hizo mbili. Rangi ya maziwa tuliiondoa, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi huigeuza kuwa kama tofali.

Lowesheni kona ya kitenge na muisugue kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi nyingi, kitachafua matakia. Kifueni kabla ya kushona, maana hujikunja. Upana wake ni kama sentimita 115, kwa hiyo ukanda wa sentimita 47 unatosha foronya moja ya mto wa 45 kwa 45, mgongo ukipandana bila zipu. Kipande cha yadi 6 kilitoa foronya sita, nne kwenye kanape na mbili kwenye fotei, kikabakiza zaidi ya mita mbili na nusu. Masalio hayo tulipindia rido. Hapo ndipo salo ilipoonekana ya watu wamoja, kwani kitenge kilekile kilionekana pande tatu za chumba.

Ukutani tulitundika sahani moja ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, mali ya bwana. Zile nyingine tatu ziliwekwa kwenye katoni.

Hatua ya 4: Kinachotoka kipewe muda

Fotei ya watu watatu ilikwenda barazani, chini ya paa, mahali mvua haifiki. Zawadi za ziada tuliziandikia tarehe kwenye katoni. Walikubaliana kungoja miezi mitatu: kisichotafutwa kinagawiwa, ila cha baba wa bibi hakimo katika hesabu hiyo.