Somo: Kumsakia rikruta watu ukiwa mbali, na kwa nini sikubali kulipwa kwa kichwa peke yake

Somo hili ni la anayetaka kufanya kazi za nyuma ya pazia za rikruta, yaani mtu anayezitafutia kampuni wafanyakazi: kutafuta watu, kuchuja wasifu wao na kupanga usaili, yote kwa kompyuta na simu. Nitafuata nafasi moja niliyoifanya mwanzo hadi mwisho, kwa sababu humo mna karibu kila kosa ambalo mgeni hulifanya. Mengine niliyafanya mimi mwenyewe.

Nafasi ilikuwa ya kiongozi wa timu ya huduma kwa wateja, afanye kazi akiwa nyumbani, ajue Kifaransa na Kiingereza. Kampuni ilikuwa New York, wateja wake wengi wakiwa Ulaya.

Hatua ya 1: Mbane rikruta kabla hujatafuta mtu hata mmoja

Rikruta alinitumia tangazo lenye masharti kumi na moja. Ukitafuta mtu mwenye yote kumi na moja hutampata, na ukimpata hatakuwa anatafuta kazi. Kwa hiyo naomba nusu saa ya simu, na kwa kila sharti nauliza swali lile lile: "Mtu akiwa na mengine yote isipokuwa hili, mtamsaili?" Akijibu ndiyo, hilo si sharti, ni pambo. Tulipomaliza yalibaki matatu: Kifaransa cha kuzungumza na mteja aliyekasirika, kuwahi kuongoza watu wasiopungua watano, na kuwa macho saa za ofisi za Ulaya.

Simu hiyo hiyo ndiyo mahali pa kuuliza mshahara unaanzia wapi na unaishia wapi. Rikruta akikataa kuutaja, ongeza makadirio yako ya saa, maana utaandikia watu wengi ambao mwishoni watakuambia kiasi ni kidogo.

Kabla ya msako wenyewe nampelekea mifano mitatu ya watu, bila majina, tuone kama tunaelewana. Mara hii aliikataa miwili. Nilidhani anatafuta mtu wa kupokea simu, kumbe kampuni ilihudumia wateja kwa maandishi zaidi. Siku ya kwanza kosa hilo lilinigharimu dakika ishirini. Wiki ya pili lingenigharimu kazi nzima.

Hatua ya 2: Andika mtego, kisha ulegeze

Kwenye kisanduku cha utafutaji cha LinkedIn nilianza hivi:

```
("customer support" OR "customer service") AND ("team lead" OR supervisor) AND French AND Zendesk
```

AND, OR na NOT ziandikwe kwa herufi kubwa, na maneno yanayokwenda pamoja yafungwe kwa alama za kunukuu. Majibu yalikuwa machache mno. Sababu ilikuwa `Zendesk`: watu wengi wanautumia mfumo huo wa kuhudumia wateja kila siku lakini hawautaji kwenye ukurasa wao. Neno la namna hii litoe kwenye utafutaji, uliulize kwenye ujumbe. Tatizo la pili lilikuwa `French`. Anayekizungumza Kifaransa tangu utoto huenda ukurasa wake wote ameuandika kwa Kifaransa, na neno hilo la Kiingereza halimo kabisa. Mtego wa pili ukawa:

```
("customer support" OR "customer service" OR "service client") AND ("team lead" OR supervisor OR "chef d'équipe" OR superviseur) AND (French OR français OR francophone)
```

Hapo ukurasa ulijaa. Nilipitia watu 140, nikawaandikia 46.

Hatua ya 3: Ujumbe mfupi wenye swali moja

Hawa hawajaomba kazi, wewe ndiye umebisha hodi. Niliandika mistari mitano kwa Kifaransa: kazi ni ipi, mshahara unacheza wapi, kwa nini nimemfikia yeye, na swali moja: "Zamu yako ina watu wangapi, na malalamiko mnayapokea kupitia mfumo gani?" Jibu likija kwa Kifaransa kilichonyooka, sharti la kwanza nimeshaanza kulipima bila mtihani. Walijibu 17.

Hatua ya 4: Kuchuja wasifu

Hapa ndipo nyaraka zinapodanganya bila mwenye nazo kusema uongo. Mtu ameandika "2022–2023, kiongozi wa timu". Inaweza kuwa miezi miwili, Desemba hadi Januari, au miaka miwili kasoro siku moja. Daima uliza miezi. Cheo nacho usikiamini peke yake: mmoja wa wale 17 aliitwa msimamizi lakini alisimamia ratiba, si watu. Mwingine aliitwa ofisa tu, na kumbe alikuwa na watu tisa chini yake kwa sababu bosi wake aliacha kazi na nafasi haikujazwa.

Naandika jedwali lenye safu moja kwa kila sharti, na mbele ya kila jina naweka ushahidi kwa sentensi moja: "Aliongoza 9, Machi 2021 hadi Juni 2023, kwa maneno yake kwenye simu." Alama za "anafaa" na "hafai" hazimsaidii rikruta, kwa sababu mkuu wa idara akimuuliza kwa nini, hana la kusema. Picha, umri na hali ya ndoa havina safu kwenye jedwali langu. Wasifu ukija na picha naitoa kabla ya kuupeleka.

Baada ya simu za robo saa walibaki 9. Watano walikubali kupelekwa.

Hatua ya 5: Ruhusa ya maandishi

Usimpeleke mtu kabla hajakuandikia sentensi mbili: kwamba anakubali upeleke wasifu wake kwa kampuni hiyo kwa nafasi hiyo, na kwamba hakuna mwingine aliyempeleka huko. Sentensi ya pili inakulinda kwenye malipo. Wakala wawili wakimleta mtu mmoja, kwa kawaida analipwa aliyetangulia, na kampuni nyingine huamua kumwacha mtu mwenyewe kuliko kuingia kwenye ugomvi.

Hatua ya 6: Ratiba ya usaili

Hapa niliumbuka. Mkuu wa idara alikuwa New York, msailiwa London. Tofauti yao kwa kawaida ni saa tano, kwa hiyo saa 10:00 ya New York nikaiandika 15:00 ya London. Ilikuwa katikati ya Machi 2025. Marekani walisogeza saa mbele tarehe 9 Machi, Ulaya na Uingereza tarehe 30 Machi. Kwa wiki hizo tatu tofauti ni saa nne, yaani mkuu wa idara alikaa mbele ya kamera saa 14:00 ya London, na msailiwa wangu akaingia saa nzima baadaye akiwa ametulia kabisa. Aliyeonekana mzembe ni yeye. Niliandika baruapepe ya kukiri kosa ni langu dakika ile ile, wakampangia siku nyingine. Mwishoni mwa Oktoba jambo kama hilo hutokea tena kwa wiki moja, Ulaya wakitangulia kurudisha saa nyuma.

Tangu hapo sihesabu kichwani. Naandika mwaliko kwenye kalenda nikichagua jina la mji, si tofauti ya saa, na ndani ya ujumbe naandika saa ya kila mmoja. Na sisi tunaohesabu kuanzia mapambazuko tuwe waangalifu zaidi: ukimwambia mtu kwa Kiswahili "saa tisa", mwandikie na 15:00.

Hatua ya 7: Malipo

Watatu walisailiwa, mmoja akaajiriwa. Kazi nzima ilinichukua saa 22. Rikruta alikuwa amenipa chaguo: dola 8 kwa saa, au dola 400 kwa kichwa, yaani kwa kila atakayeajiriwa. Kwa nafasi hii, kwa saa ni dola 176, na kwa kichwa ni 400. Ukiishia hapo utachagua kichwa.

Lakini si kila nafasi inafungwa na mtu wako. Kwenye daftari langu, katika nafasi tatu, moja ndiyo hufungwa na mtu niliyemleta. Nyingine hupewa mfanyakazi wa ndani, au bajeti inafutwa. Gawa 400 kwa tatu unapata kama 133 kwa kila nafasi, ambayo ni dola 6 kwa saa. Ongeza na kusubiri: wakala wengi humpa mteja dhamana kwamba aliyeajiriwa hataondoka mapema, mara nyingi siku 90, na wanataka kukulipa wewe ikishapita. Aliyeajiriwa akiondoka siku ya 60, kazi yako imekwenda na maji.

Nilichoomba ni mchanganyiko: dola 5 kwa saa kila wiki, na dola 150 mtu akianza kazi. Kwa hesabu ile ile inafika kama dola 160 kwa nafasi, chini kidogo ya malipo ya saa matupu, ila rikruta aliona nimebeba sehemu ya hatari, akanipa nafasi mbili zaidi. Malipo ya kichwa peke yake nayakubali tu kwa rikruta ambaye tayari najua nafasi zake hufungwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, akaunti yangu ya LinkedIn ni ya bure. Nikitafuta sana inanizuia hadi mwezi mwingine.

Jibu: Ndiyo, akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa mwezi. Tafuta kupitia Google, kurasa zilizo wazi zinaonekana:

```
site:linkedin.com/in ("service client" OR "customer support") (superviseur OR "team lead") français -stage
```

Huko huhitaji AND, na alama ya kutoa ndiyo hufanya kazi ya NOT: hapa inaondoa kurasa zenye neno stage, yaani mafunzo kazini kwa Kifaransa. Hutaona kila mtu, na baadhi ya kurasa zitakuwa za zamani, kwa hiyo thibitisha kazi yake ya sasa kabla hujamwandikia.

Swali: Mwalimu, nilimpeleka mtu, rikruta akasema "huyo yumo kwenye orodha yetu". Miezi miwili baadaye nikaona ameajiriwa pale pale.

Jibu: Pole. Kuwemo kwenye orodha si kitu. Muulize mara ya mwisho walizungumza naye lini, na kwa nafasi gani. Kwenye makubaliano ya mwanzo weka mambo mawili: wasiponiambia ndani ya siku mbili kwamba wanamjua, ni wangu, na nikimleta anabaki wangu kwa miezi sita hata akiajiriwa kwa nafasi nyingine. Kisha peleka majina kwa baruapepe, si kwa simu, ili tarehe ijisemee. Kwa yule aliyekwisha kupita, kama hukuandikiana na rikruta hayo, sioni njia.

Swali: Wasifu wa wale wanne waliokosa, naweza kumuuzia rikruta mwingine?

Jibu: Hapana, si bila kuwauliza. Ruhusa waliyotoa ilikuwa ya nafasi moja. Na kama wako Umoja wa Ulaya, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inaweza kukufuata: taarifa ulizozipata mahali pengine badala ya kwake mwenyewe, kwa kawaida unatakiwa kumjulisha ndani ya mwezi mmoja kwamba unazo na kwa kazi gani. Mimi nawaandikia wote waliokosa: matokeo, na swali kama nikae na wasifu wao kwa miezi sita. Asiyejibu namfuta.

Swali: Kuna mtu ameniahidi sehemu ya mshahara wake wa kwanza nikimweka juu ya orodha. Rikruta hatajua.

Jibu: Atajua siku huyo mtu atakapokosa na kuja kudai. Mjibu kwa maandishi kwamba hulipwi na waombaji, na umwambie rikruta siku hiyo hiyo.