Kabla paka wako hajapigwa nusukaputi

Paka wangu wa kwanza kufungwa kizazi alikuwa na umri wa miezi 5 na uzito wa kilo 2 tu. Niliambiwa asile kitu tangu usiku, nikamwondolea sahani saa 2. Asubuhi tulikuta foleni, na zamu yake ikafika saa 7 mchana. Masaa 17 bila chakula. Alizinduka akiwa baridi na mlegevu, hawezi hata kuinua kichwa, akakaa hivyo mpaka jioni. Alipona, lakini najua sasa kwamba sehemu kubwa ya mateso yale ingeweza kuepukwa.

Chakula kinazuiwa kwa sababu paka aliyelala kwa dawa hawezi kumeza wala kukohoa ipasavyo. Chakula kikipanda kutoka tumboni, kinaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Kwetu wanyama wengi hulazwa usingizi kwa dawa za ketamini na zailazini, na zailazini mara nyingi humtapisha paka dakika chache tu baada ya sindano. Kwa hiyo tumbo lisiwe limejaa. Ila kufunga kupita kiasi nako kuna hasara. Tumboni hubaki tindikali, ambayo ikipanda huunguza koo, na paka mdogo huishiwa sukari mwilini. Paka mzima mwenye afya yanamtosha masaa 4 hadi 6. Mtoto wa paka aliye chini ya wiki 8, au chini ya kilo 2, asizidishe saa 1 au 2. Maji yabaki mbele yake hadi mnapoondoka nyumbani. Paka mwenye kisukari ana hesabu yake, nayo ni chakula pamoja na insulini. Usipunguze chochote kabla daktari wa mifugo hajakwambia.

Paka wa pili nilimpangia hivi. Niliuliza kwanza saa hasa ya kuingia chumba cha upasuaji, si saa ya kufika. Nikaambiwa saa 3 asubuhi. Saa 10 alfajiri nikampa robo ya mlo wake wa kawaida, nikaondoa sahani. Yalibaki masaa 5. Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa kumzuia asitoke: paka wa mtaani kwetu hula vichwa vya samaki kwa jirani, mjusi ukutani na panya stoo, na wewe hujui. Tangu magharibi nilimfungia chumbani na sanduku lake la mchanga. Akikuponyoka na kula, mwambie daktari ukweli. Kuahirisha siku moja si hasara.

Siku chache kabla, daktari amsikilize moyo na kumpima uzito kwenye mizani, maana dozi hutolewa kwa kilo na kukisia kwa macho kunakosea. Paka wengine wana ugonjwa wa moyo usioonekana nje. Aliyepita miaka 7 au 8 ni vizuri apimwe damu, figo hasa. Taja dawa zote ulizompa, hata ya kiroboto. Na ukiona ana maumivu usimpe panadoli: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Swali ninaloliona zito kuliko yote ni hili: nani atakaa naye baada ya kushonwa? Utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu nusukaputi, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba hufa takriban paka 1 kati ya 900 wenye afya, na 1 kati ya 70 hivi kwa wagonjwa. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokea upasuaji ukiwa umekwisha, na vingi ya hivyo katika masaa 3 ya mwanzo. Wenye paka tunaogopa kisu, kumbe hatari kubwa iko pale watu wanapodhani kazi imekwisha. Usikubali kukabidhiwa paka ambaye bado hajainua kichwa.

Mbebe akiwa amelala ubavu, shingo imenyooka, juu ya taulo. Chupa ya maji ya uvuguvugu ifungwe kwenye kitambaa, isimguse ngozi, kwani hawezi kuikimbia ikimuunguza. Nyumbani mlaze sakafuni, mbali na ngazi na kitanda. Kila baada ya dakika 15 mtazame ubavu unavyopanda na kushuka, kisha inua mdomo uangalie fizi. Zikiwa za waridi, endelea kumwangalia. Zikiwa nyeupe au za buluu, au pumzi ikawa ya kuvuta kwa nguvu, au damu ikadondoka mfululizo kwenye mshono, mrudishe saa hiyohiyo.

Chakula mpe akishatembea bila kuyumba, kijiko kimoja cha dagaa waliochemshwa bila chumvi, usubiri nusu saa uone kama kinakaa tumboni. Wa kwangu alikula saa 11 jioni, akalala karibu na mlango.