Oda uliyolipa kwa pochi na kadi: pesa inarudi vipi?

Watu wengi wakirejeshewa pesa huangalia kadi peke yake, wakiona imepungua wanadhani wamedhulumiwa. Nimekaa dawati la marejesho ya duka la mtandaoni, na malalamiko ya namna hii nimeyapokea kila wiki. Tufuatane na oda moja.

Umenunua viatu vya 60,000 na mkoba wa 40,000. Jumla ni 100,000: salio la pochi, yaani pesa iliyo kwenye akaunti yako ya duka, limetoa 30,000, kadi imetoa 70,000. Sasa unarudisha mkoba.

Hatua ya kwanza, fungua risiti ya oda, siyo meseji ya benki. Andika pembeni pochi ilitoa ngapi na kadi ngapi.

Hatua ya pili, soma sera ya marejesho ya duka lako, maana hapa ndipo maduka yanapotofautiana. Wanaogawa kwa uwiano watachukua asilimia 30 ya ile 40,000: pochi inapata 12,000, kadi 28,000. Wanaoanza na pochi wataijaza 30,000 yake yote, kadi ibaki na 10,000. Wanaoanza na kadi wataingiza 40,000 yote huko. Kwa maoni yangu uwiano ndio wa haki zaidi, kwa kuwa duka halibaki limeshikilia pesa yako halisi kwa njia ya salio.

Hatua ya tatu, jumlisha pande zote mbili. Zikifika 40,000, hujapunjwa. Zisipofika, angalia kama wamekata nauli ya kurudisha mzigo.

Hatua ya nne, subiri upande wa kadi. Pochi huingia mara nyingi papo hapo, ila kadi hupitia benki na inaweza kuchukua siku 5 hadi 10 za kazi. Zikipita, liombe duka namba ya ARN, yaani namba ya kufuatilia muamala wa kadi, yenye tarakimu 23, uipeleke benki yako wakutafutie pesa.

Maswali ya wanachama

*Dada, nikirudisha na viatu baadaye?*
Unapata kilichobaki. Kama duka liliijaza pochi 30,000 na kadi 10,000 mara ya kwanza, safari hii 60,000 yote inaenda kwenye kadi, na kadi inatimiza 70,000 yake.

*Naweza kuomba yote iende kwenye kadi?*
Oda nzima ikirudi, hapana. Kadi ilitoa 70,000, na duka halitairudishia zaidi ya hapo.

*Nilighairi oda saa ileile, ARN wanasema hakuna. Wananidanganya?*
Sidhani, ndugu yangu. Huenda benki ilikuwa imeizuia tu hela, duka bado halijaichukua. Hapo hakuna marejesho, zuio linaachiliwa. Kwenye stetimenti muamala hutoweka wenyewe, hutaona mstari mpya wa pesa kuingia.

*Salio langu lilikuwa la ofa, limerudi likiwa limeisha muda.*
Hilo lidai kwa maandishi, ukiambatanisha tarehe uliyonunua na tarehe waliyopokea mzigo. Baadhi ya maduka huongeza muda ukiomba, mengine masharti yao hayaruhusu.