Kabla hujaandika jina la mtu kwenye sehemu ya wadhamini

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, na mashirika binafsi mengi hayapishani sana na hapo. Waombaji wengi huijaza sehemu hiyo usiku wa mwisho wa maombi, wakitafuta majina kwenye simu. Nimekaa upande wa wanaowapigia wadhamini, kwa hiyo sikiliza.

Ndugu usimweke. Jina la ukoo likifanana na lako, tutauliza. Rafiki mliyesoma naye, hapana. Mhadhiri anafaa kama alisimamia utafiti wako au anakukumbuka kwa kazi fulani, siyo kwa sababu tu alikufundisha kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Namba ijaribu kwanza, maana watu hubadilisha laini, na baruapepe ya ofisi hufungwa mtu akistaafu.

Sasa suala la cheo, ambalo ndilo linawaangusha wengi.

Binti mmoja aliomba nafasi ya afisa ununuzi kwenye shirika nililokuwa. Mtihani wa kuandika alifaulu vizuri, usaili wa ana kwa ana akaongoza. Wasifu wake ulisema amekuwa msaidizi wa ununuzi kwenye kampuni fulani kwa zaidi ya mwaka, na mdhamini wa kwanza alikuwa meneja mkuu wa kampuni hiyo. Nikampigia. Jina lilimchukua muda. "Aaa, yule wa fildi! Binti ana adabu sana." Alikuwa akishughulika na nini? "Hawa wa fildi wanakaa wiki nane, tunawapa mafaili wapange." Na baada ya hapo? Hakuwa na habari.

Kwenye kikao chetu ikaonekana mwombaji kaongeza chumvi kwenye wasifu, na nafasi akapewa aliyemfuata. Binti alipokuja kuulizia, alikuwa na mkataba wake mkononi. Kumbe baada ya fildi walimchukua kwa mkataba wa muda, wakampeleka tawi jingine chini ya msimamizi wa ghala. Huyo ndiye aliyemwona kila siku akiandaa hati za kuagizia mzigo na kulinganisha ankara na kile kilichopokelewa. Angetuambia yote. Hakumwandika kwa sababu aliona "msimamizi wa ghala" halina uzito kwenye karatasi. Mwenzake alikuwa ameshasaini.

Kwa hiyo chagua aliyekuona ukifanya kazi inayofanana na unayoiomba, hata kama hana kiti cha kuzunguka.

Kumwomba nako kuna adabu yake. Usitume meseji ya "bosi nimekuweka mdhamini". Mpigie, au mfuate kama yuko karibu, kabla hujatuma maombi. Msalimie vizuri, kisha sema: "Shikamoo mzee. Naomba kazi ya afisa ununuzi, na nilitaka kukuandika kama mdhamini, kwa kuwa ulinisimamia pale ghalani. Kama nafasi haikuruhusu, niambie tu, nitaelewa." Huo mlango wa kutokea mwachie kwa dhati. Akivuta maneno, akasema "tutaona, nikumbushe", hesabu amekataa kistaarabu na utafute mwingine. Mdhamini asiyetaka huongea na sisi kwa mkato, nasi tunasikia.

Akikubali, mtumie tangazo, wasifu ule ule ulioutuma, na ujumbe mfupi anaoweza kuusoma akiwa kwenye daladala:

"Nimeomba nafasi ya afisa ununuzi. Wanataka mtu wa kusimamia zabuni ndogo na kumbukumbu za manunuzi. Nilikuwa chini yako kuanzia Machi 2022 hadi Juni 2023, cheo msaidizi wa ununuzi. Utakumbuka ile hesabu ya mzigo tuliyoirudia baada ya ankara kutolingana. Wanaweza kukupigia wiki ijayo kwa namba usiyoijua."

Tarehe na cheo ndivyo tunavyovilinganisha kwanza. Kumkumbusha kilichotokea ni sawa. Kumfundisha asichokijua si sawa, na swali la pili tu humuumbua. Ukiomba kazi nyingine, mtumie ujumbe mwingine, la sivyo atakusifia udereva wakati umeomba uhasibu.

Kama bado uko kazini na bosi hajui unatafuta, usimwandike kimyakimya. Weka msimamizi wa zamani, na uombe mwajiri mpya asiwasiliane na ofisi yako mpaka akupe ofa. Matokeo yakitoka, mjulishe mdhamini, hata kama umekosa. Na mwambie mapema kwamba mwajiri wa kweli anayempigia huuliza habari zako tu: akiombwa hela ya "kusukuma faili", au namba yako ya NIDA, akate simu na akujulishe siku hiyo hiyo.