Somo: Kupandisha bei ya chipsi mayai bila kumshtua mteja, na kuziona gharama ambazo risiti haizionyeshi

Somo hili ni la wenye vibanda na migahawa midogo ya chipsi, hasa Dar es Salaam, ambako viazi husafiri kutoka Njombe na Mbeya, na kila badiliko la dizeli huishia kwenye gunia. Bei zilizotumika hapa ni za mfano wa hesabu. Weka zako, njia ni ileile.

Wengi hupandisha bei pale risiti ya jumla inapopanda, basi. Lakini hasara kubwa katika chipsi huja siku ambazo risiti haijabadilika hata shilingi. Ndiyo maana tunaanzia kwenye sahani, risiti itafuata.

Hatua ya 1: Jua sahani moja inakugharimu kiasi gani

Chukua bidhaa moja inayouzika sana. Tuchukue zege la mayai mawili linalouzwa 3,500.

Gunia la viazi limenunuliwa 100,000. Lipime mwenyewe kwa mizani, usikubali uzito wa mdomo. Tuseme lina kilo 100. Baada ya kumenya na kutupa vilivyooza, zinabaki kilo 80. Kwa hiyo kilo ya kiazi kilichomenywa si 1,000, ni 1,250. Sahani inachukua gramu 400, yaani shilingi 500.

Mayai: trei ya 30 kwa 9,000, mawili ni 600. Mafuta: ndoo ya lita 20 kwa 110,000, na kila sahani inakula mililita 60, yaani 330. Gesi: mtungi wa kilo 15 kwa 57,000 unatoa sahani 190, yaani 300. Kachumbari, sosi na chumvi 150. Boksi la kufungia 150.

Jumla ni 2,030. Hiyo ni asilimia 58 ya bei ya 3,500. Zinazobaki, 1,470, ndizo zinazolipa pango, mishahara, umeme, makato ya simu na wewe mwenyewe. Andika hiyo 58 juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu ndiyo utakayoilinda.

Hatua ya 2: Hesabu sahani, usihesabu bei tu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaparuka.

Kila unapofungua ndoo mpya ya mafuta, andika tarehe. Inapoisha, andika umeuza sahani ngapi. Fanya hivyo kwa mtungi wa gesi na kwa gunia. Huhitaji zaidi ya namba tatu: sahani kwa ndoo, sahani kwa mtungi, na kilo zilizomenywa kwa gunia. Mafuta yaliyochakaa ukayamwaga yamo humo humo, usiyatoe. Kama karai hilo hilo linakaanga kuku au mishikaki, tenga wiki moja ulitumie kwa viazi tu ili upate namba safi.

Sasa tazama kinachotokea mvua zinapoingia na sokoni yakaja mazao machanga. Bei ya gunia ni ileile 100,000, lakini lina kilo 94. Viazi ni vidogo, vina udongo, na maganda yanachukua asilimia 26. Zinabaki kilo 69 na nusu hivi, na gramu 400 sasa ni 575.

Haishii hapo. Kiazi kichanga kina maji mengi na wanga kidogo. Maji yanapotoka kwenye moto, mafuta huingia mahali pake, kwa hiyo chipsi hunywa mafuta zaidi. Pia huchelewa kuiva, na gesi inaungua muda mrefu. Ndoo iliyokuwa inatoa sahani 333 sasa inatoa 267: mafuta yamefika karibu 413 kwa sahani. Mtungi umeshuka kutoka sahani 190 hadi 170: gesi ni 335. Bei ya ndoo na ya mtungi hazijaguswa. Ni kiazi tu kimebadilika, na kimekuchota sehemu tatu kwa mpigo.

Ongeza sasa zile zinazoonekana: trei imekuwa 9,600, kwa hiyo mayai 640, kachumbari 180, boksi 160. Jumla mpya ni 2,303. Sahani imepanda kwa 273, na kati ya hizo 193 hazimo kwenye risiti yoyote. Anayefuata risiti ataona 80 tu, atasema "bado navumilia", na mwisho wa mwezi hatajua fedha ya pango imepotelea wapi.

Kupima kiazi kabla hujanunua magunia mengi: koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, dumbukiza viazi vichache. Kinachozama kina wanga wa kutosha. Kinachoelea kina maji mengi, kidai punguzo au kiache.

Ukiona mafuta yanaisha haraka na viazi ni vizuri, kagua mambo mawili: chipsi zinaingia karaini zikiwa zimelowa, au moto ni mdogo. Mafuta yakiwa chini ya nyuzijoto 170 chipsi hulala ndani na kunyonya. Hilo ni la kurekebisha jikoni. Usimlipishe mteja.

Na mtungi pia upime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Jumlisha kilo 15, ndio uzito unaopaswa kuusoma kwenye mizani ya wakala.

Hatua ya 3: Weka siku maalumu na mpaka maalumu

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta ya petroli, dizeli na ya taa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Nauli za mizigo hufuata. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili kwa mwezi: wiki moja baada ya tangazo hilo, magunia ya nauli mpya yakiwa yameshafika sokoni, na tena wiki mbili baadaye.

Siku ya hesabu tumia bei utakayonunulia mzigo ujao, hata kama ndoo iliyopo stoo uliipata kwa bei ya zamani. Ukiuza kwa bei ya ndoo ya zamani, fedha utakayopata haitanunua ndoo mpya. Mwaka 2022 Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei, soko la dunia lilibadilika ndani ya siku chache. Kwa hali kama ile, daftari la mwezi uliopita halikusaidii.

Halafu weka mpaka. Gharama ikiwa chini ya asilimia 62 ya bei, usiguse ubao. Ikivuka 62, badilisha bei katika wiki hiyo hiyo. Katika mfano wetu, 2,303 kwa 3,500 ni karibu asilimia 66, maana yake tumechelewa. Kama unatumia Excel, jumla ya gharama ikiwa kwenye B8:

```
=CEILING(B8/0.58,100)
```

Inakupa bei inayorudisha asilimia 58, ikipandishwa hadi mia iliyo karibu. Kwa 2,303 jibu ni 4,000.

Hatua ya 4: Panda kwa mia mbili, usisubiri mia tano

Kutoka 3,500 hadi 4,000 kwa siku moja, mteja wa kila siku anashtuka. Wauzaji hupenda kuruka 500 ili kukwepa chenji, na ndiyo sababu wanachelewa: 500 inatisha, basi wanangoja hadi hasara iwe kubwa. Gharama ilipofika 2,170 hivi, mpaka wa 62 ulikuwa umeguswa, na bei ya 3,700 ingetosha kupumua. Baada ya wiki tano au sita, 4,000. Weka sarafu za 100 na 200 za kutosha kwenye droo. Anayelipa kwa simu hana shida ya chenji kabisa.

Usipandishe ubao mzima kwa pamoja. Chipsi kavu na soda ndizo mteja anazolinganisha na jirani, hizo zichelewe. Zege, mishikaki na chipsi kuku hazilinganishwi sana kwa sababu kila kibanda kina kipimo chake, hizo zitangulie. Boksi la kubebea litenge: anayekula hapo hapo kwenye sahani asilipie boksi.

Usipunguze kipimo kimyakimya. Mteja wa zege hulijua kwa jicho, na akigundua hasemi, anahama. Kama unataka sahani ya gharama nafuu, iandike wazi: zege la yai moja, gramu 300, bei yake hii.

Hatua ya 5: Tangaza mapema, kwa ufupi

Siku nne kabla, karatasi moja kaunta: "Kuanzia Jumatatu zege 3,700. Kipimo ni kilekile, mayai mawili." Usiandike barua ndefu ya kulia hali ngumu. Siku yenyewe, kabla ya kufungua, badilisha ubao, bei ya WhatsApp, na bei zilizohifadhiwa kwenye mashine ya EFD. Ubao ukisema 3,700 na risiti ikatoka 3,500, utabishana na mteja na hesabu zako zitavurugika.

Maswali ya wanachama

*Jirani yangu hajapandisha. Nikipandisha peke yangu si nitawakosa wateja?*
Ndugu, pima sahani yake kwanza: nunua, peleka kwenye mizani. Mara nyingi utakuta bei haijapanda ila gramu 400 zimekuwa 320. Kama kipimo chake ni kamili kweli, chelewesha chipsi kavu na upandishe zege tu, kisha hesabu mauzo kwa wiki mbili. Kwa mfano wetu, kwa 3,500 unabaki na 1,197 kwa sahani. Kwa 3,700 ni 1,397. Kama ulikuwa unauza 100 kwa siku, unaweza kupoteza hadi 14 na bado hujapungukiwa.

*Napeleka chakula cha mchana ofisini kwa bei tuliyokubaliana ya miezi sita. Nifanyeje?*
Dada, mkataba uliosainiwa uheshimu, ila ongea nao mapema ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Mkataba unaofuata uandike hivi: bei ni halali siku 30, na mafuta ya lita 20 au trei ya mayai ikipanda zaidi ya asilimia 10 kutoka bei iliyotajwa, pande zote zinakaa upya. Zitaje bei hizo za kuanzia ndani ya mkataba wenyewe.

*Viazi vikishuka, nishushe bei?*
Gharama ikikaa chini ya asilimia 54 kwa hesabu mbili mfululizo, rudisha kitu. Mimi ningeshusha chipsi kavu kwa 100 au 200, maana ndiyo inayotazamwa, na kuacha zege lilivyo. Ikishuka mara moja tu usiguse, gunia la wiki ijayo linaweza kurudi juu.

*Nimesajiliwa VAT. Asilimia 58 ni ya bei ipi?*
Ya bei bila kodi. Kama VAT ni asilimia 18, gawanya bei ya ubaoni kwa 1.18 kwanza: 4,000 inakuwa 3,390 hivi, na hiyo ndiyo unayoilinganisha na gharama. Gharama nazo ziandike bila ile VAT unayoruhusiwa kuidai. Viazi na mayai ya kutoka kwa mkulima kwa kawaida havina risiti ya VAT, kwa hiyo hapo huna cha kudai, andika ulicholipa chote.