Somo: Kutambua kundi la kampuni lililojificha nyuma ya anwani, simu au mkurugenzi mmoja

Tuchukue zabuni moja ya kununua vitanda vya hospitali katika kaunti mojawapo ya Kenya. Kampuni tano zimeleta bei, na kamati ya tathmini inataka kujua kama ni washindani watano kweli, au kama mtu mmoja ameingia kwa milango kadhaa, kampuni moja ikiwa ya kushinda na nyingine zikiwa wasindikizaji. Mfano wenyewe nimeutunga, ndiyo maana kampuni nimeziita A, B, C, D na E, lakini kila dalili iliyomo ni ya aina inayopatikana katika majarada ya zabuni. Tangu mwanzo tuweke wazi jambo moja: kinachotafutwa si kufanana kwa kampuni, bali ni kama uamuzi wake unatoka kwa mtu mmoja. Anwani, simu na mkurugenzi ni njia tu za kulifikia swali hilo.

Hatua ya 1: Kusanya, na uandike kila kitu kilikotoka

Hati ya kwanza ni CR12, ambayo hutolewa na msajili wa kampuni kupitia eCitizen na huonyesha wakurugenzi, wanahisa, idadi ya hisa na anwani iliyosajiliwa. Angalia tarehe yake, kwa sababu CR12 inaeleza hali ya kampuni siku ilipotolewa, wala haikwambii ni nani aliyekuwa mkurugenzi mwaka uliotangulia. Usiishie hapo. Anwani na simu zilizo kwenye CR12 zimeandaliwa kwa ajili ya msajili. Zile zinazofichua mambo hupatikana mara nyingi katika karatasi ambazo mwenye kampuni hakufikiri kwamba zitasomwa kwa makini, kama vile dhamana ya zabuni kutoka benki, cheti cha kodi, barua za wateja wa zamani na hati za kuwapa watu mamlaka ya kutia sahihi.

Kila simu, anwani au mtu unayemwona katika hati tutamwita kitambulishi. Fungua jedwali lenye safu tano: kampuni, aina ya kitambulishi, kitambulishi chenyewe, hati kilimoonekana, na tarehe ya hati hiyo. Kampuni yenye simu tatu ipate mistari mitatu. Ukizirundika simu zote katika kisanduku kimoja, huwezi kuzilinganisha baadaye, na ukisahau kuandika hati, hutaweza kulitetea jibu lako mbele ya bodi ya rufaa.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kulinganisha

Simu moja inaweza kuandikwa ikianza na 07, na +254, au ikiwa na nafasi katikati, na kompyuta itaona simu tatu tofauti. Kwa Kenya inatosha kubakiza tarakimu tisa za mwisho. Ikiwa simu imo katika safu ya C:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2," ",""),"-",""),9)
```

Sanduku la posta lilinganishwe nambari yake pamoja na msimbo wa ofisi ya posta. Msimbo 00100 peke yake ni wa posta kuu ya Nairobi, hivyo kampuni mbili zenye 00100 hazina uhusiano wowote kwa sababu hiyo. Jengo nalo liandikwe hadi ghorofa na chumba, kwa kuwa jengo refu la katikati ya jiji lina mamia ya wapangaji.

Majina ya watu yana ugumu wake. Mohamed, Mohammed na Muhammad anaweza kuwa mtu mmoja, na mtu mwenye majina matatu huyapanga leo hivi na kesho vile. Kwa upande mwingine, kuna watu wengi sana wanaoitwa kwa jina lile lile bila kujuana. Kwa hiyo jina litumike kupendekeza uhusiano, na nambari ya kitambulisho au PIN ya kodi ndiyo ithibitishe.

Hatua ya 3: Pima uchache wa kitambulishi

Naomba hatua hii isirukwe, kwa sababu hapa ndipo watu wasio na hatia huunganishwa na wengine. Kitambulishi kinachoshirikiwa na kampuni mbili tu kina uzito mkubwa, na kile kinachoshirikiwa na kampuni sitini karibu hakina uzito wowote. Lakini uchache huo haupimwi ndani ya zabuni ya kampuni tano. Unapimwa katika orodha pana, kwa mfano orodha nzima ya wasambazaji waliosajiliwa na kaunti. Ondoa kwanza mistari inayorudia kampuni ile ile na simu ile ile, kisha hesabu, tukichukulia kwamba simu zilizosafishwa zimo katika safu ya F:

```
=COUNTIF(F:F,F2)
```

Sababu ya kawaida ya anwani kuonekana mara nyingi ni makatibu wa kampuni na mawakili, ambao huwasajilia wateja kampuni kwa kutumia ofisi na sanduku lao wenyewe. Wateja hao hawajuani. Vivyo hivyo kwa simu ya mhasibu anayewajazia watu wengi fomu za kodi.

Hatua ya 4: Chora viunganishi, kisha upime kimoja kimoja

Katika mfano wetu, A na B zina jengo moja, chumba kimoja na sanduku moja la posta. Ukitazama zabuni peke yake, utasema umepata kundi. Lakini orodha ya wasambazaji, yenye majina kama mia tisa, inaonyesha kampuni 61 zikitumia sanduku hilo hilo, na chumba chenyewe ni ofisi ya katibu wa kampuni. Kiunganishi hicho kinaachwa.

B na C hazifanani chochote kwenye CR12. Hata hivyo, simu iliyo kwenye barua ya zabuni ya B, inayoishia na 418, ndiyo iliyoandikwa kama simu ya mteja katika dhamana ya benki ya C. Katika orodha nzima simu hiyo inaonekana kwa kampuni hizo mbili tu. Hiki ni kiunganishi kizito, lakini bado kimoja, na simu moja inaweza kuandikwa kwa makosa na karani. Tunahitaji ushahidi wa pili usiotokana na ule wa kwanza.

Hapo ndipo bei zinapozungumza. B imeandika kitanda shilingi 38,000, kabati 12,000 na stendi ya kuning'inizia dripu 4,500. C imeandika 40,660, 12,840 na 4,815. Gawanya kila bei ya C kwa bei ya B, na jibu ni 1.07 mara zote tatu. Wauzaji wawili wasiojuana, wenye mashine zao, mafundi wao na gharama zao za usafiri, hawapishani kwa asilimia 7 kamili katika kila bidhaa. Aliyeandika bei za C alikuwa na karatasi ya B mbele yake, au ndiye aliyeziandika zote mbili.

C na D zina mkurugenzi mmoja kwa kitambulisho, isipokuwa kwamba alijiuzulu kutoka D miezi kumi na minne kabla ya zabuni. Uhusiano huo ulikuwepo; kama bado upo, hatujui. Tunauandika kama jambo lililo wazi, na tunauliza hisa zake ziliuzwa kwa nani. E haijaunganishwa na yeyote.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kufuata mnyororo bila kupima: A imeungana na B, B na C, C na D, basi zote nne ni kundi moja. Tumeona kwamba pete ya kwanza haipo na ya mwisho ni dhaifu. Kinachosimama ni B na C.

Mwenendo unaweza pia kuonyesha uhusiano ambao karatasi za usajili zimeuficha. Katika sakata la Anglo Leasing hapa Kenya, Anglo Leasing na Infotalent zilikuwa na mikataba tofauti na serikali, lakini mwaka 2004, maswali yalipoanza, kampuni zote mbili zilirudisha fedha hazina ndani ya muda mfupi. Wafanyabiashara wasio na mshauri mmoja hawatarajiwi kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kuhukumu

Si kosa kwa mtu kumiliki kampuni mbili. Kosa ni kuuficha uhusiano pale unapotakiwa kuutaja, na kupatana bei. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakataza njama hizo katika kifungu cha 66, na fomu za zabuni humtaka mzabuni atamke kwamba aliandaa bei yake bila kushauriana na mshindani. Kwa hiyo waandikie B na C, kila moja kwa barua yake na siku ile ile, ukitaja simu na bei, na uombe maelezo. Katika ripoti andika kwamba kampuni hizi zina uhusiano ambao haukutajwa, eleza hati ulizouona ndani yake, kisha uache neno la njama kwa wenye mamlaka ya kulitamka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, kama wenye kampuni ni mume na mke, au ndugu wenye majina tofauti? CR12 haitaonyesha kitu.* (Mwanachama wa Mombasa)

Ni kweli, dada, haitaonyesha. Undugu wenyewe pia si ushahidi kwamba kampuni inaongozwa na mtu mmoja, kwani ndugu wengi hushindana sokoni kwa dhati. Usianze kwa kuuliza nani kamwoa nani. Anza na mambo ya kazi: nani anatia sahihi kwenye akaunti za benki, gari la nani linapeleka bidhaa, hati za kompyuta zimeandikwa kwa jina gani la mtumiaji. Haya yakikutana, undugu utakuja wenyewe kama maelezo.

*Je, rejista ya wamiliki wa kweli haimalizi tatizo hili?* (Mwanachama wa Nakuru)

Inasaidia, lakini ina mipaka. Kanuni za mwaka 2020 zinaitaka kampuni imtaje mtu mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, au mwenye uwezo wa kuidhibiti kwa njia nyingine. Mwananchi hawezi kuitisha taarifa hizo kirahisi kama anavyopata CR12. Katika zabuni, fomu ya kutaja wamiliki wa kweli hudaiwa kwa mzabuni aliyeshinda, ilhali wasindikizaji ni miongoni mwa walioshindwa. Na anayetumia jina la mtu mwingine kwenye hisa anaweza kulitumia hata kwenye rejista hiyo.

*Simu ilikuwa ya mtu mwingine kabla ya kampuni ya pili kuipata. Nitajuaje?* (Mwanachama wa Kisumu)

Ndiyo maana, ndugu yangu, safu ya tarehe imo kwenye jedwali. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa na mtandao na kupewa mteja mpya. Ikiwa hati ya kwanza ni ya mwaka 2017 na ya pili ni ya mwaka 2024, uwezekano huo ni wa kweli, na kiunganishi hicho kihesabiwe dhaifu. Ikiwa hati zote mbili ni za mwezi mmoja, kama dhamana na barua ya zabuni katika mfano wetu, maelezo hayo hayawezi kukubalika.