Kuondoa chunusi, vumbi na madoa ya sensa kwa Spot Healing Brush: somo kwa wanaoanza

Msimu wa harusi ukianza hapa Lamu, swali huwa ni lile lile: "Nimeondoa chunusi, mbona shavu limebaki na baka?" Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, na sasa naliandika ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Tutatumia picha moja ya mfano. Bwana harusi amesimama ufukweni Shela alasiri, amevaa kanzu nyeupe na kofia, na nyuma yake jahazi limetweka tanga. Picha imepigwa kwa f/16. Ana chunusi moja katikati ya shavu na nyingine kwenye paji la uso, pale pale ukingo wa kofia unapogusa ngozi. Angani yapo madoa ya kijivu, na moja kati ya hayo limeangukia mstari ambapo tanga linakutana na anga.

Hatua ya 1. Fungua picha katika Photoshop na uikuze hadi 100% kwa `Ctrl+1`.

Hatua ya 2. Unda leya mpya tupu juu ya picha kwa `Ctrl+Shift+N`, ili picha ya asili isiguswe. Bonyeza `J` upate Spot Healing Brush Tool, kisha juu ya skrini chagua Content-Aware na utie alama kwenye Sample All Layers. Bila alama hiyo brashi itatafuta ngozi katika leya tupu, na haitaona kitu.

Hatua ya 3. Pima brashi kwa vitufe vya `[` na `]` mpaka duara lake lizidi chunusi kidogo tu, pamoja na wekundu unaoizunguka. Acha Hardness juu, kuanzia 80% hivi, kwa kuwa kifaa chenyewe hulainisha kingo. Bofya mara moja kwenye chunusi ya shavu, uachie. Kama matokeo hayaridhishi, rudisha kwa `Ctrl+Z` na ubofye tena huku umesogeza duara kidogo, badala ya kubofya juu ya ulichokwisha kukiziba. Alama ya kuzaliwa au kidoto cha kudumu usikiondoe mpaka mwenyewe aseme, kwani mama yake atakitafuta pichani.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo someni polepole. Kifaa hiki hakijui chunusi ni nini wala anga ni nini: kinachukua vipande vya sehemu za jirani, kinaviweka ndani ya duara, kisha kinalinganisha rangi na mwangaza wake na vile vilivyo kwenye ukingo wa duara. Katikati ya shavu jirani zote ni ngozi, na ndiyo maana mbofyo mmoja unatosha. Kwenye paji la uso, duara likigusa kofia hata kwa upana wa uzi, weupe wa kofia huvuja ndani ya ngozi na kuacha ukungu, au hata kipande cha darizi huchipuka juu ya nyusi. Wanaoanza wakiona ukungu huo hukuza brashi ili waufute, wakagusa kofia zaidi, na baka likaongezeka. Brashi kubwa karibu na ukingo ni hatari daima.

Dawa yake ni kuitenga chunusi na ukingo kwanza. Bonyeza `S` upate Clone Stamp Tool, chagua Current & Below kwenye Sample, shika `Alt` ubofye ngozi safi iliyo kando ya kofia kwa umbali ule ule, kisha paka ukanda mwembamba wa ngozi kati ya chunusi na kofia. Sasa chunusi imezungukwa na ngozi pande zote, na unaweza kurudi kwenye `J` na kuimaliza kwa mbofyo mmoja. Doa la kwenye tanga linatibiwa hivyo hivyo: nakili kwanza kipande cha ukingo wa tanga ukifuata mstari wake, ndipo uzibe sehemu ya doa iliyobaki angani. Utajua umekosea ukiona mstari wa tanga umepinda au umeingia ukungu pale doa lilipokuwa.

Hatua ya 5. Madoa ya angani ni hafifu na jicho huyaruka. Weka leya ya Curves juu ya zote, uvute mstari wake uwe mkali sana, na anga itageuka ya kutisha lakini madoa yatajitokeza. Kariri yalipo, fumba jicho la leya hiyo, kisha ndiyo uzibe. Msizibe ikiwa wazi, maana mtaanza kufukuza chembechembe ambazo katika picha halisi hazionekani kabisa. Ukimaliza, ifute.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Langoni: Brashi yangu haifanyi kitu. Nisaidie, mwalimu.

Jibu: Hatua ya 2, sentensi ya mwisho.

Mpenda Haraka: Kwa nini nisisugue shavu zima mara moja likawa laini? Hatua zako ni nyingi mno.

Jibu: Sugua, kaka, lakini vinyweleo na vitundu vya ngozi vitajirudia kwa mpangilio mmoja na kila mtu atauona. Kifaa hiki ni cha doa, si cha kulainisha uso. Hatua ni tano tu.

Binti wa Mkomani: Shikamoo mwalimu. Nimegundua kwamba madoa ya angani yako mahali pale pale katika kila picha, lakini zile nilizopiga kwa f/4 hayapo. Inakuwaje?

Jibu: Marahaba, dada, umeangalia vizuri. Vumbi halikai juu ya sensa yenyewe bali juu ya kioo kilicho mbele yake, umbali mdogo sana. Katika f/16 au f/22 mwanga hupita tundu dogo, kwa hiyo kivuli cha chembe hukolea. Katika f/4 mwanga huja kutoka pembe nyingi na kivuli hutawanyika kikapotea. Ukitaka kuhakikisha, weka f/22, piga ukuta mweupe bila kufokasi huku ukiitikisa kamera. Kinachobaki kimetulia pichani kiko ndani ya kamera.

Binti wa Mkomani: Je, doa likiwa juu kushoto pichani, chembe iko upande gani?

Jibu: Ukiitazama sensa kutoka mbele, iko chini kushoto, kwa sababu picha huangukia sensa ikiwa juu chini. Chagua usafishaji wa sensa kwenye menyu betri ikiwa imejaa, geuza kamera itazame chini, kisha tumia pampu ya mkono ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka kwenye kioo. Na upepo wa kusi ukivuma, msibadilishe lenzi pale Shela penye mchanga, ingieni ndani.

Fundi wa Matondoni: Nina picha nyingi zenye doa hilo hilo. Nizibe moja moja?

Jibu: La. Kama ni faili za RAW, zifungue zote katika Camera Raw, ziba moja, zichague zote, fungua Sync Settings na utie alama kwenye Healing. Matoleo ya zamani huiita Spot Removal. Kisha pitia kila picha, kwa sababu mahali palipokuwa anga katika ya kwanza panaweza kuwa sikio la mtu katika ya pili.

Mgeni Malindi: Mimi nina simu tu, natumia Snapseed.

Jibu: Chagua Healing. Hapo brashi haibadilishwi ukubwa, kwa hiyo kuza picha kwa vidole viwili mpaka chunusi ienee vizuri chini ya kidole, ndipo uguse. Kwenye ukingo wa kofia kuza zaidi, uguse kidogo kidogo ukielekea mbali na kofia.